Kazembe yupi?

Mwaka 1798 msafara wa Wareno kutoka Tete, mji ulio kando ya mto Zambezi, ulifika kwa mfalme aliyeitwa Kazembe, katika bonde la Luapula, kusini ya ziwa Mweru. Mwaka 1806 wakafika watu wawili waliotokea upande wa pili kabisa, Angola. Kazembe akawapokea, kisha akawaweka kwake karibu miaka minne kabla hawajapata njia ya kuendelea. Mwishoni mwa 1831 Wareno wakaja tena, na Kazembe akakaa nao hadi katikati ya mwaka uliofuata. Novemba 1867 akafika David Livingstone. Kazembe akamkaribisha barazani, langoni kukiwa kumepambwa mafuvu ya watu.

Msomaji anayezipanga taarifa hizo nne kwa mfuatano anaondoka na mfalme mmoja wa ajabu. Alikuwa na enzi kamili mwaka 1798, na miaka 69 baadaye bado yuko kitini. Kwanza anawatamani wageni na biashara yao, kisha anawafungia njia, kisha anawachosha kwa masharti, mwisho anampa mgeni wake ruhusa ya kwenda atakako. Ni rahisi sana kumweleza mtu huyo: ni kigeugeu, ni mfalme wa Kiafrika asiyetabirika. Maelezo ya namna hiyo yameandikwa kweli, na yanatokana na kutoona kwamba waliokuwa wakiongelewa walikuwa watu watatu.

Wa 1798 alikuwa Lukwesa Ilunga, ambaye katika hesabu ya leo ni Kazembe wa tatu. Wa 1806 na wa 1831 alikuwa mtu mmoja, Keleka, Kazembe wa nne, aliyetawala muda mrefu hadi karibu na mwaka 1850. Wa 1867 alikuwa Muonga Sunkutu, Kazembe wa saba. Kati ya Keleka na Muonga walipita wengine wawili ambao wasafiri hao hawakuwaona kabisa.

Ushahidi wa kuwatenganisha upo ndani ya maandishi hayohayo, kwa mwenye subira ya kuyasoma kama shahidi anavyohojiwa. António Gamitto, ofisa wa pili wa msafara wa 1831, alikuwa na jicho la mchoraji. Alimweleza Kazembe wake kuwa mtu mrefu, mwenye umbo zuri, ndevu ndefu zilizokwisha kuingia mvi, akiwa amevaa kilemba kirefu cha manyoya mekundu. Livingstone naye, mwaka 1867, alimweleza Kazembe wake kuwa mtu mwenye uso mzito, macho yaliyoelekea pembeni, asiye na ndevu wala sharafa. Mtu anazeeka, ananenepa, anaweza hata kunyoa. Lakini mwenye mvi mwaka 1831 angekuwa kikongwe wa kushikwa mkono mwaka 1867, na Livingstone, aliyekuwa daktari na aliyependa sana kukadiria umri wa watu, asingekosa kuliandika jambo hilo. Hakuliandika kwa sababu mbele yake hapakuwa na kikongwe.

Kuna mtego mwingine hapa unaowanasa hata watu makini, nao ni mwaka wa kitabu. Gamitto alikuwa kwa Kazembe mwaka 1831 na 1832, lakini kitabu chake kilichapwa Lisbon mwaka 1854, na wakati huo Keleka alikwisha kufa. Mtafiti anayenukuu kuwa "Gamitto, 1854, anasema Kazembe ni mtu wa namna hii" anaweza, bila kujua, kumbebesha mrithi ndevu za marehemu. Mwaka 1873 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilitoa kitabu kilichosimamiwa na Richard Burton, ambamo safari ya 1798, ile ya watu wa Angola na muhtasari wa Gamitto viliwekwa pamoja kwa Kiingereza, kikaitwa kwa jina la nchi za Kazembe. Tangu hapo msomaji wa Ulaya alikuwa na jalada moja, jina moja, na watu wawili ndani yake. Walipokutana na habari za Livingstone, zilizotoka mwaka uliofuata baada ya kifo chake, akaongezeka wa tatu chini ya jina lilelile. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mtu anayetaka kujua Kazembe yupi ni kuuacha mwaka wa chapa na kuutafuta mwaka ambao macho yaliona.

Kazembe ni cheo. Kilitoka kwa Walunda wa magharibi, katika dola ya Mwata Yamvo, ambaye makao yake yalikuwa katika eneo ambalo leo ni kusini ya Kongo. Mwata Yamvo naye alikuwa hivyohivyo: jina la mfalme mmoja wa zamani lililogeuka kuwa jina la kiti, likavaliwa na kila aliyekikalia. Masimulizi ya Walunda wa Luapula yanaeleza kwamba mtu aliyeitwa Chinyanta alimpelekea Mwata Yamvo habari za mashapo ya chumvi ambayo mkuu wa upande wa Lualaba, Mutanda, alikuwa akiyaficha. Mutanda alipojua, akamtosa Chinyanta katika mto Mukelweji. Mwata Yamvo akamfidia mwana wa marehemu, Ng'anga Bilonda, kwa kumpa cheo cha Kazembe na watu wa kwenda nao mashariki. Aliyeuvuka Luapula na kufanya makao upande wa mashariki alikuwa mrithi wake, Kanyembo. Lakini ukimwuliza mtu wa kawaida huko, na ukifungua vitabu vingi vya shule, utaambiwa tu kwamba Kazembe alitoka kwa Mwata Yamvo, akavuka mto, akaishinda nchi. Mwanzo huo wa dola umewachukua watu wawili, na watatu ukimhesabu baba aliyezama.

Tena cheo hicho hakikuwa cha nasaba moja peke yake. Palikuwa pia na Kazembe wa Lualaba, upande wa magharibi, kwa wakati uleule. Mfanyabiashara aliyesema amepita kwa Kazembe bila kutaja mto aliweza kuwa anamaanisha mji ulio mbali kabisa na Luapula. Watu wa pwani waliosafiri bara walilijua hilo kwa sababu bidhaa zao zilitegemea kujua njia. Waliokaa Ulaya wakichora ramani kutokana na maneno ya watu hawakulijua.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kwamba kosa ni la wageni tu, kwamba walilisikia jina la cheo wakalidhania jina la mtu. Jambo lenyewe limekwenda ndani zaidi.

Kuanzia mwaka 1948 mtaalamu wa anthropolojia, Ian Cunnison, alikaa Luapula akikusanya historia za koo na za wakuu. Alikuta kwamba mzee anayesimulia habari za kiti chake anazisimulia kwa nafsi ya kwanza. Anasema nilitoka huko, nikavuka hapa, nikamkuta fulani, nikapigana naye, akaniachia nchi. Anasimulia mambo ya miaka mia na hamsini nyuma kwa "ni" ileile anayoitumia kusema kwamba jana alikwenda kuvua samaki. Hamdanganyi mtu. Wanaomsikiliza wanajua kabisa kwamba yeye alizaliwa juzi tu.

Msingi wa usemi huo ni namna ya kurithi. Mkuu anapofariki, mrithi wake anapokea jina, na pamoja na jina anapokea nafsi yote ya kijamii ya marehemu: udugu wake, madeni yake, marafiki wake, hata ugomvi wake. Ikiwa mwenye jina la kwanza alikuwa mpwa wa mwenye jina jingine, basi hata baada ya vizazi saba aliye na jina lile atakuwa mpwa, na mwenye jina la pili atakuwa mjomba, hata kama huyo mjomba ni kijana wa miaka ishirini na mpwa ana mvi kichwa kizima. Wataalamu wameuita udugu wa kudumu, kwa sababu watu wanapita na udugu unabaki. Sisi wenye desturi ya kumpa mjukuu jina la babu, kisha kumtania kama babu, tunaweza kuuelewa upesi. Tofauti ni kwamba Luapula utani ule ni sheria.

Sasa mfikirie mtu anayeandika nasaba. Anaambiwa kwamba Kazembe ni "baba" wa mkuu fulani. Akiandika kwamba mmoja alimzaa mwingine, amekosea mara mbili. Ameunda uzazi ambao haukuwapo, na amebana vizazi vingi vikawa kimoja, maana maneno hayo yangekuwa yaleyale leo na miaka mia iliyopita. Akijaribu kukadiria miaka kwa kuhesabu vizazi, hesabu itatoka fupi mno. Ndiyo maana tarehe za wageni, pamoja na makosa yao yote, zina thamani kubwa katika historia ya Luapula. Zinapigilia misumari michache katika simulizi ambalo lenyewe halihitaji miaka.

Kisa cha Nachituti kinaonyesha hili vizuri kuliko kingine chochote ninachokijua. Kabla ya Walunda, bonde lilikuwa la Washila, na mkuu wao aliitwa Nkuba, ambacho nacho ni cheo. Nachituti alikuwa dada wa Nkuba. Mwanawe aligunduliwa kuwa na uhusiano na mke wa Nkuba, na mjomba akamwua, akaifanya ngozi yake mkeka wa kukalia. Mama alipojua anakalia nini, alikwenda kwa Kazembe kuomba kulipiziwa kisasi. Kazembe akapeleka watu, Nkuba akauawa, kichwa kikaletwa. Nachituti akampa Kazembe kikapu cha udongo na chombo cha maji: ardhi na mabwawa, mito na samaki wake.

Kazembe yupi? Msimulizi hana haja ya kusema, na anayeuliza swali hilo anaonekana hakuelewa kilichosimuliwa. Zawadi ilitolewa kwa Kazembe, na Kazembe yupo. Haki ya mwenye kiti juu ya mabwawa ya uvuvi imesimama juu ya kisa hicho hadi katika mabishano ya nyakati za wakoloni na baada yao. Kama ungesema kwamba zawadi alipewa mtu fulani aliyekufa zamani, ungekuwa umefungua mlango wa kuuliza kama ilizikwa naye. Masimulizi yanaufunga mlango huo kwa kutomtenga mtu na cheo. Ndoa nayo imehifadhiwa vivyo hivyo. Nakafwaya ni cheo cha mke wa Kazembe kinachotoka upande wa Washila, na wanawake wamekipokezana kama wanaume walivyopokezana kiti.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba masimulizi ya mdomo "yamesahau" akina Kazembe wengi na kubakiza mmoja. Masimulizi yanatunza mali ya cheo, na kazi hiyo yanaifanya kwa uangalifu mkubwa. Hasara hutokea pale mtu mwingine anapoyachukua na kuyasoma kama wasifu. Analeta swali la mtu kwa jibu la cheo, kisha anashangaa kukuta mfalme aliyeishi zaidi ya miaka mia.

Livingstone alikutana na jambo linalofanana na hilo kwa mzee mmoja aliyemwita Perembe, mwenyeji mwenye heshima katika nchi ya Kazembe. Mzee huyo alieleza kwamba alikuwa tayari na watoto wakati Pereira, mfanyabiashara kutoka Tete, alipofika huko katika miaka ya 1790. Livingstone alipiga hesabu akapata umri wa zaidi ya miaka mia, akauandika kama ajabu ya maisha marefu. Inawezekana Perembe alikuwa mkongwe kweli. Lakini tukijua walivyosema wenye vyeo wa Luapula, ipo njia nyingine ya kumsikia: mzee aliyesema "nilikuwa na watoto" aliweza kuwa anasema kwa kinywa cha jina alilolirithi. Hapo daktari hakuwa na haja ya kupima umri. Alihitaji kuuliza Perembe huyu ni wa ngapi.

Mtu atasema dawa ni rahisi, tuwaite kwa majina yao binafsi badala ya cheo. Ni kweli inasaidia, lakini kwa kiasi. Majina yenyewe yanazunguka ndani ya ukoo. Kanyembo ni aliyevuka Luapula, na Kanyembo Ntemena ni yule wa kumi, ambaye mji wake ulichomwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1899. Kati yao ni zaidi ya karne moja. Chinyanta ni baba aliyetoswa mtoni, ni Kazembe wa sita, ni wa kumi na mbili, na ni wa kumi na nne. Lukwesa ni wa tatu na wa tisa. Muonga ni wa saba, na jina hilo linarudi kwa wa kumi na moja. Ukikuta karatasi ya zamani yenye "Kazembe Kanyembo" bila mwaka, una cheo na jina pamoja, na bado humjui mtu.

Basi tuongeze nambari, kama wafanyavyo wanahistoria, na kama ufalme wenyewe unavyofanya leo. Mwata Kazembe aliyepo sasa ni wa kumi na tisa, na amekuwa kitini tangu 1998. Lakini nambari ziliwekwa baadaye, na zinategemea nani amehesabiwa. Hapa Livingstone, aliyepotea kwa Perembe, anatusaidia kwa njia ambayo pengine hakuitegemea. Alipokuwa mjini aliuliza majina ya akina Kazembe waliotangulia akayaandika kwa mfuatano kama alivyoyasikia. Orodha yake inaanza na Kanyimbe, anafuata Kinyanta, kisha Nguanda Milonda, Kanyembo, Lekwisa, Kireka, Kapumba, Kinyanta mwingine, Lekwisa mwingine, na Muonga. Jumla ni kumi. Muonga, ambaye orodha ya leo inamwita wa saba, kwa Livingstone ni wa kumi.

Wengi wameiona tofauti hiyo wakaamua kwamba mmoja amekosea. Ukiiweka orodha hiyo kando ya ile ya kifalme, mstari kwa mstari, unaona jambo jingine. Nguanda Milonda ni Ng'anga Bilonda, aliyeandikwa na sikio la Mskoti. Kanyembo anabaki Kanyembo. Lekwisa wa kwanza ni Lukwesa Ilunga, aliyekuwapo mwaka 1798. Kireka ni Keleka mwenye ndevu. Kapumba ni wa tano, Kinyanta wa pili ni Chinyanta wa sita, na Muonga ni wa saba. Majina saba yamelingana, na kwa mpangilio uleule. Yaliyozidi ni matatu, na kila moja lina sababu yake.

Mawili ya mwanzo, Kanyimbe na Kinyanta, yako kabla ya Ng'anga Bilonda. Huyu Kinyanta ndiye Chinyanta wa kisa cha chumvi, ambaye kwa masimulizi ya kifalme alikufa kabla cheo hakijatolewa. Waliomsimulia Livingstone walianza na mababa wa ukoo, wenye orodha rasmi wanaanza na siku ya kupewa cheo. Zote mbili ni sahihi kwa swali lake.

La tatu ni Lekwisa wa pili, aliyewekwa kabla ya Muonga. Kuhusu huyu Livingstone aliandika neno ambalo ndilo ufunguo: alikuwa bado hai, ameondolewa kitini, na anaishi ugenini kwa Nsama wa Watabwa. Kwa waliomsimulia alikwisha kuwa Kazembe, kwa hiyo alihesabiwa. Katika orodha ya leo nafasi hiyo haipo, kwa sababu mtu aliyefukuzwa kabla hajatulia hahesabiwi. Inavyoelekea ndiye Lukwesa Mpanga ambaye baadaye, Muonga akiwa amekwisha kuuawa katika vita vya mwanzoni mwa miaka ya 1870 ambavyo wafanyabiashara wa pwani waliviingilia, alirudi na kuhesabiwa kuwa wa tisa. Mtu mmoja basi ana nafasi mbili: kabla ya wa saba kwa orodha ya 1867, na baada ya wa nane kwa orodha ya leo. Asiyelijua hilo atawafanya Lukwesa wawili wakawa watatu. Ni kosa lilelile likigeuzwa, mtu mmoja kugawanywa kuwa wengi.

Njia hiyo ya kupanga orodha kando ya orodha ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inalazimisha kila jina lililozidi lipewe maelezo. Kuna na vipimo vingine vidogo. Kila Kazembe mpya alijenga mji wake mahali papya, katika maeneo ya jirani na bwawa la Mofwe, hivyo maelezo ya mahali mji ulipokuwa yanaweza kumtaja mfalme hata pale mwandishi aliposema "Kazembe" peke yake. Majirani nao wanasaidia, lakini kwa tahadhari, kwa sababu Nkuba, Nsama na Chitimukulu wa Wabemba ni vyeo pia. Sentensi inayosema Kazembe alipigana na Nkuba ina mafumbo mawili, na hakuna fumbo linalofunguliwa kwa fumbo. Majirani wanaofaa kwa kazi hii ni wale wasiorithiana majina. Muhammad bin Saleh, Mwarabu wa biashara ya pwani ambaye Livingstone alimkuta akiwa amezuiliwa kwa Kazembe kwa miaka mingi, ni mmoja wao. Tippu Tip ni mwingine. Alimshinda Nsama mwaka 1867, na kumbukumbu zake alizozitoa kwa Kiswahili ni miongoni mwa maandishi machache ya zama zile yanayoitazama nchi hiyo kwa macho ya watu wa pwani. Hao walizaliwa mara moja na kufa mara moja, kwa hiyo tukio lililowahusu lina mwanzo na mwisho.

Chukua mfano wa maneno ambayo mtu anaweza kuyakuta katika kijitabu chochote cha historia: "Kazembe aliwapenda Wareno, lakini aliwanyanyasa Waarabu, na mwisho aliwakimbia Waingereza." Aliyetaka biashara na Tete na ambaye Wareno walimkuta mwaka 1798 ni Lukwesa Ilunga. Mfuasi wake Keleka ndiye aliyewazuia Pedro João Baptista na Amaro José, wale watu wa Angola waliokuwa wameondoka kwao mwaka 1802 na ambao hawakuiona Tete hadi 1811. Huyo Keleka ndiye ambaye msafara wa Monteiro na Gamitto uliondoka kwake mikono mitupu. Mashtaka ya Waarabu yanaangukia siku za Muonga, na kabla ya kusema alikuwa mkatili ingefaa kukumbuka kwamba alikuwa na mpinzani aliyekuwa hai ugenini na watu wa pwani wenye bunduki ndani ya mipaka yake. Aliyekimbia mwaka 1899 ni Kanyembo Ntemena, ambaye alipata hifadhi kwa wamisionari kisha akarudi kutawala hadi 1904. Maneno hayo mafupi yana watu wanne ndani yake na miaka mia moja na moja, na kila mmoja wa wanne hao alikuwa na sababu zake za kufanya alivyofanya. Ukiwaunganisha, sababu zote zinapotea na kinachobaki ni tabia.

Ufalme wenyewe uliliona hilo. Kazembe wa kumi na nne, Shadrach Chinyanta Nankula, aliyetawala kuanzia 1941, alikusanya habari za watangulizi wake akisaidiana na padri Édouard Labrecque, na kitabu kikatoka kwa Kibemba kwa jina la Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, yaani mababu zangu na watu wangu. Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza, kikachapwa mwaka 1961. Humo kila Kazembe ana sura yake, vita vyake, wake zake na kifo chake. Ni mwenye cheo aliyeifanya kazi hiyo ya kuwatenganisha wenye cheo, na nambari tunazozitumia leo zinaegemea sana kitabu chake. Lazima kisomwe kwa kukumbuka kwamba mwandishi alikuwa na kiti cha kulinda, na kwamba waliofukuzwa kama Lekwisa wa Livingstone hawakuwa na mtu wa kuwaandikia sura. Hapo orodha ya mgeni aliyeandika vibaya majina, bila kujua anachokihifadhi, inakuwa na neno ambalo kitabu cha mfalme hakina.